Geti la kijani nyuma ya msikiti

"Tukiwaandikia wateja leo kwamba orodha ya oda imeibwa, kesho nani atanunua? Si bora tusubiri mamlaka ituambie?"

Mwenye duka anayesema hivyo anataka kusubiri, na ana sheria ya kushika. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mamlaka ijulishwe mara moja, kisha mamlaka ndiyo iamue kama wateja nao waambiwe. Na duka la watu watatu haliwezi kudharau hofu ya kupoteza soko. Ila sijaona humo neno linalomziba mwenye duka mdomo.

Utetezi wake wa pili ni kwamba yaliyotoka ni "majina, simu na anwani tu". PIN kweli duka halina: mteja anayelipa kwa pesa ya simu ya MoMo huiweka kwenye simu yake mwenyewe. Lakini hilo neno "anwani" linanikera. Kampala wengi hawaelekezi kwa namba ya nyumba, kwa hiyo oda ya viatu vya shilingi 85,000 ya kwenda Kawempe huandikwa maelekezo ya boda: "Geti la kijani nyuma ya msikiti, usipige honi, mchana yupo dada wa kazi peke yake." Anayeyasoma anajua njia, saa, na nani atafungua. Mteja akiambiwa tu "anwani" atapuuza. Akitajiwa maelekezo aliyoyaandika, atamwonya dada asifungulie boda ambayo hakuna aliyeiagiza.

Halafu simu. Tapeli mwenye orodha anapiga: "Mama, vile viatu saizi 39 vimeisha, tunakurudishia 85,000, thibitisha sasa hivi." Papo hapo linatokea ombi la malipo kwenye skrini, ombi la kweli, ila aliyelituma ni tapeli huyo. Mama akiweka PIN, pesa inatoka. Kumbe pesa inayoingia haiombi PIN kabisa. Sentensi hiyo moja mteja anaihitaji leo. Ikimfikia wiki ijayo, huenda tapeli ameshapiga.

Kwa hiyo ningetuma hivi: "Mtu aliingia kwenye orodha yetu ya oda. Ameona jina lako, simu, ulichonunua na maelekezo ya boda. PIN yako hatuiweki. Hatutakupigia kukurudishia pesa. Ukiombwa PIN ili upokee, kata simu."

Idadi ya walioguswa na mlango alioingilia mwizi vinaweza kungoja, na hapo anayesubiri ana haki kamili: namba ya kubahatisha ikirekebishwa mara mbili, hakuna atakayeamini ya tatu. Ujumbe wenyewe utoke kwenye namba ambayo wateja huagizia kila siku, bila kiungo cha kubofya, maana tapeli naye atatuma tangazo lake, na la kwake halitakosa kiungo.