Saa iliyomo pichani na ukanda wa saa: inathibitisha nini, inashindwa wapi

Miongoni mwa watu wanaochunguza picha ili wajue zilipopigwa, wapo wanaoiona saa ya ukutani kuwa ushahidi mzito, na wapo wanaoipuuza kabisa kwa hoja kwamba saa hutangulia, huchelewa, husimama na huachwa miezi bila kurekebishwa. Kila upande una haki kwa kiasi chake, lakini wote hujadiliana kana kwamba saa peke yake inaweza kusema jambo. Haiwezi. Saa inayosoma 6:40 husoma hivyo katika kila nchi duniani, mara mbili kwa siku. Ili tupate ukanda wa saa ni lazima tuwe na saa ya pili, ile ya dunia inayoitwa UTC, tena iwe imetoka kwenye chanzo kisichoitegemea saa ya kwanza. Ukanda ni tofauti kati ya hizo mbili. Kabla ya kubishana kama saa ya ukutani ni sahihi, tunapaswa kuuliza ni kitu gani kingine pichani kinachotuambia kwamba ilikuwa dakika gani.

Chanzo kizuri kuliko vyote ni matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni. Tuchukue picha ya kubuni lakini ya aina inayopatikana kwa wingi: sebule, watu wamekaa mbele ya televisheni, juu yao kuna saa ya ukutani yenye akrabu. Kwenye televisheni kunaonekana fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022 pale Lusail, Qatar. Argentina inaongoza 2–0 dhidi ya Ufaransa na kipimamuda cha mchezo kinaonyesha dakika ya 40. Mpira ulipangwa kuanza saa 15:00 UTC, na bao la pili, la Di María, liliingia dakika ya 36, kwa hiyo alama na dakika vinakubaliana. Picha basi ilipigwa karibu saa 15:40 UTC. Kuchelewa kwa matangazo hakutusumbui: setilaiti huchelewa kwa sekunde chache na intaneti pengine kwa dakika moja, ilhali kanda za saa hutofautiana kwa nusu saa au saa nzima, isipokuwa sehemu chache kama Nepal yenye UTC+5:45. Kinachohitaji uangalifu ni kipindi cha pili, kwa sababu hapo mtu hawezi tena kujumlisha dakika za mchezo tu. Dakika ya 60 ya fainali ile ilikuja baada ya saa 16:15 UTC, kwa kuwa mapumziko na dakika za nyongeza hazimo katika kipimamuda. Na iwapo kituo kilikuwa kinarudia mchezo usiku au siku iliyofuata, hesabu nzima inaanguka, hata kama maandishi ya "mubashara" yamebaki kwenye kona ya skrini.

Sasa tusome saa ya ukutani. Akrabu ya dakika iko kwenye 8, na akrabu ya saa imevuka 6 kwa theluthi mbili ya safari yake kuelekea 7. Ni 6:40. Lakini saa ya akrabu haisemi kama ni asubuhi au jioni, kwa hiyo tuna majibu mawili. Ikiwa ni 18:40, yaani saa 12:40 jioni kwa hesabu yetu, tofauti ni saa tatu mbele, UTC+3. Ikiwa ni 06:40 ya asubuhi ileile, tofauti ni saa tisa nyuma, UTC-9, na mwezi Desemba hiyo ni saa ya sehemu kubwa ya Alaska. Wengi hulitupa jibu la pili bila kulitazama kwa sababu linaonekana la ajabu, ilhali halikatai jambo lolote tulilokwisha kuliona pichani.

Hapa wenye mashaka wana hoja nzito, na inafaa kuisikiliza kwa undani. Hoja yao ya kwanza ni picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, jambo ambalo kamera za mbele za simu hulifanya mara nyingi. Wachunguzi wengi hufundishwa kuhakiki saa kwa kuangalia kama akrabu mbili zinakubaliana, na ni kipimo kizuri cha kubaini saa iliyoharibika au akrabu iliyolegea. Lakini hakiwezi kabisa kubaini picha iliyogeuzwa. Saa ya 6:40 ikigeuzwa huwa 5:20 iliyo kamili, akrabu ya saa ikiwa theluthi moja baada ya 5, kila kitu mahali pake. Kinachoweza kufichua ni maandishi tu: tarakimu za saa, jina la mtengenezaji, au alama za mchezo kwenye televisheni. Katika mfano wetu alama zinasomeka vizuri, kwa hiyo tatizo hili limeondoka. Katika saa isiyo na tarakimu, ndani ya picha isiyo na maandishi, halitaondoka.

Hoja ya pili ni kwamba saa inaweza kuwa sahihi kwa mwenye nyumba na bado ikampotosha mgeni. Nchini Ethiopia baadhi ya watu hurekebisha saa zao zifuate hesabu ya huko, inayoanza kuhesabu saa alfajiri kama yetu. Sisi wa pwani na bara kwa kawaida huacha akrabu zisome 6 na tukasema saa kumi na mbili. Saa kama hizo za Ethiopia akrabu zenyewe husoma 12. Sebule ya Addis Ababa jioni ile ingeweza kuonyesha 12:40. Mchunguzi anayeitoa 15:40 UTC kutoka 12:40 ya mchana anapata UTC-3, na UTC-3 ni saa ya Argentina. Ona jinsi kosa lilivyo hatari: fainali ya Argentina, watu wanaoshangilia, na hesabu inayoielekeza picha Buenos Aires. Hesabu haina dosari hata moja, na jibu liko bara jingine.

Kinachookoa hali ni mwanga wa dirishani, nao ndio ninaouamini kuliko uzuri wa saa yenyewe. Saa 12:40 ya mchana katika Buenos Aires ya Desemba jua liko juu sana. Addis Ababa saa ileile jua limekwisha kuzama takriban nusu saa iliyopita. Dirisha moja lenye giza linatosha kuifuta Argentina. Mwanga huohuo unafaa pia ndani ya UTC+3, ambayo kwa Desemba 2022 inajumuisha Afrika Mashariki, Madagaska, Saudi Arabia, Irak, Uturuki na Moscow. Ilipofika 18:40, Riyadh jua lilikuwa limezama saa moja na nusu kabla na Istanbul saa moja kabla, kwa hiyo kote huko ni usiku mtupu. Dar es Salaam na Nairobi lilikuwa limezama dakika chache tu, na anga bado ilikuwa na mwanga. Kwa bahati mbaya Alaska haiondoki kwa njia hii ikiwa dirisha ni jeusi, kwa kuwa Anchorage katikati ya Desemba jua halichomozi kabla ya saa 10:00 asubuhi. Dirisha lenye mwanga wa machweo linaifuta. Dirisha jeusi linaiacha pamoja na Istanbul, na mchunguzi hana budi kuandika hivyo.

Simu ina sifa tofauti na saa ya ukutani. Kwa kawaida hupokea saa kutoka kwenye mtandao, kwa hiyo huwa haikosei kwa dakika saba au kumi kama saa ya betri, na katika nchi zinazosogeza saa hujirekebisha yenyewe. Tofauti hiyo ni muhimu: saa ya ukutani mjini Athens ambayo haikurudishwa nyuma mwezi Oktoba ingesoma 6:40 jioni ile, ilhali saa halisi ya huko ilikuwa 17:40, na tungeihesabu Ugiriki ndani ya UTC+3 kimakosa. Simu mezani ingesahihisha hilo. Lakini simu humfuata mwenyewe, na msafiri aliyezima urekebishaji wa saa hubeba ukanda wa kwao hadi ugenini. Zaidi ya hayo, simu katika picha za matangazo ya biashara haisomi chochote: iPhone kwa desturi huonyeshwa ikiwa 9:41, na saa za mkononi dukani na magazetini huwekwa karibu na 10:10 ili akrabu zionekane vizuri. Nikikuta mojawapo ya saa hizo kwenye picha iliyopangwa kwa ustadi, siihesabu.

Pale ambapo hakuna televisheni, watu hukimbilia saa ambayo picha ilichapishwa mtandaoni, na hapa ninakubaliana na wenye mashaka karibu moja kwa moja. Saa ya kuchapisha ni kikomo tu: picha haikupigwa baada yake, lakini ingeweza kupigwa wiki moja kabla. Tena mitandao mingi humwonyesha msomaji saa hiyo kwa ukanda wa msomaji mwenyewe, hivyo mchunguzi aliye Nairobi anayesahau kuigeuza kuwa UTC atakosea kwa saa tatu kamili. Faili halisi kutoka kwenye kamera ni bora zaidi, ikiwa kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani yake zina `GPSTimeStamp`, yaani saa ya GPS, ambayo huandikwa kwa UTC. `DateTimeOriginal` haitoshi, kwa sababu ni saa ya kamera bila ukanda, isipokuwa iandamane na `OffsetTimeOriginal`.

Wanaosema saa haina thamani yoyote ningewapeleka Ziwa Tanganyika. Kigoma na Bujumbura ziko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo, ziwa ni lile, Kiswahili kinasikika pande zote mbili, na kivuli cha jua hakiwezi kuzitenganisha kwa maana. Lakini Tanzania inatumia UTC+3 na Burundi UTC+2. Katika dakika ya 40 ya fainali ile, jua likiwa bado halijazama kwenye miji yote miwili, simu ya Kigoma ilisoma 18:40 na ya Bujumbura 17:40. Picha ya kibanda cha kuonyeshea mpira chenye mwanga wa jua mlangoni na simu inayosoma 18:40 haiwezi kuwa ya Dar es Salaam, ambako jua lilikuwa limeshazama, na ni vigumu kuwa ya Bujumbura, ila tu ikiwa simu ililetwa kutoka ng'ambo na haijashika mtandao wa Burundi, au imenasa mnara wa Tanzania karibu na mpaka. Kwa picha hiyo ningeandika hivi: UTC+3, magharibi ya ukanda, kwa sharti kwamba matangazo yalikuwa ya moja kwa moja na simu ilikuwa inafuata mtandao wa mahali ilipo.