"Riba Yangu Haipiti Mara Mbili"

Juzi nilikuwa msibani Newala. Tumekaa chini ya mkorosho, kahawa inazunguka, na msemaji mkubwa alikuwa mzee mmoja ambaye nusu ya waliokaa pale wamewahi kumkopa. Akasema yeye si kausha damu kama hao wa mjini. "Mimi riba yangu yote haipiti mara mbili ya hela niliyokupa. Hata ukae miaka mitano." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi kahawa ilinikwama kooni, maana mjomba wangu alikopa kwa mtu mwenye maneno hayohayo.

Nikiri kwanza, kwa shingo upande, kwamba ukomo ni bora kuliko kutokuwa na ukomo. Ukikopa 400,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi inaongezeka 80,000. Baada ya miezi kumi riba imefika 800,000, na hapo inatakiwa isimame. Deni lote ni 1,200,000, uje leo uje mwakani. Kwa mkopo wa miezi mitatu ukomo huo ni pambo tu, haufikiwi. Faida yake iko kwa mkopo uliorefuka, na huku kwetu mkopo unarefuka kwa sababu korosho ndiyo imechelewa.

Mjomba alichukua hizo 400,000 Juni 2018, za salfa na vibarua wa palizi. Akahesabu kwamba mnada ukifika, analipa. Msimu ule nyote mnaukumbuka: minada ikavurugika, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, halafu tukakaa tunasubiri hela. Ya mjomba iliingia Oktoba 2019, miezi kumi na sita tangu akope.

Kwa ukomo ule wa kujisifia, alipaswa kulipa 1,200,000 na yakaisha. Lakini Desemba 2018 mkopeshaji alimfuata kwa upole kabisa. "Mjomba, naona mambo yamekuwa magumu, tuandikishane upya." Huo upole ndio uliomla. Riba ya miezi sita, 480,000, ikaunganishwa na 400,000, na karatasi mpya ikaandikwa kwamba mjomba amekopeshwa 880,000. Ya zamani ikachanwa mbele yake, eti kumwondolea wasiwasi!

Sasa asilimia 20 ikawa 176,000 kwa mwezi. Na ukomo? Upo, haujavunjwa: mara mbili ya 880,000, yaani riba ya 1,760,000. Ikafika hapo Oktoba ileile. Jumla 2,640,000. Kama kusingekuwa na ukomo wowote, ile karatasi ya kwanza ikaachwa iende na 80,000 zake kwa miezi kumi na sita, deni lingekuwa 1,680,000. Rudia hesabu mwenyewe, mimi nilirudia mara tatu. Mkopeshaji "mwenye huruma" alimzidi kwa karibu milioni moja yule ambaye angekuwa hana huruma lakini hagusi karatasi.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu wa namna hii ni moja: mara mbili ya ipi? Kama si ya hela iliyotoka mkononi mwako siku ya kwanza, basi hakuna ukomo, kuna kituo cha kupumzikia.

Wakenya, kwa benki zao, waliliona tangu 2007 kwenye kifungu cha 44A cha sheria yao ya benki. Mkopo ukishakuwa chechefu, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi hela ya msingi iliyokuwa inadaiwa siku ulipokwama. Mara mbili yao ni deni zima, ukiacha gharama za kudai. Ya mzee wetu ni riba peke yake, ukijumlisha na msingi ni mara tatu. Wengi pale msibani, nina hakika, walisikia ile ya Wakenya.

Kuna na tundu jingine: anayelipa riba kila mwezi bila kupunguza msingi. Mama mmoja jirani yetu, muuza samaki wa kukaanga, analipa hivyo, na mkopeshaji anahesabu ukomo kwa riba iliyolala tu. Aliyolipa "imeshakwenda". Mwaminifu ndiye asiyefika kituoni.

Mtaniambia kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwamba hata mtu binafsi anayekopesha anatakiwa awe na leseni. Sawa. Mwulizeni leseni, mimi nitawashikia kikombe.

Nilimwuliza mzee mbele ya watu: "Babu, ukiandika karatasi mpya, unahesabu kutoka ipi?" Akasema msibani hatuzungumzi biashara.