Dola 13 ndani ya programu, dola 10 kwenye tovuti

“Kaka, programu ya kujifunza Kifaransa inanidai dola 13 kwa mwezi nikilipia ndani ya simu. Kwenye tovuti yao ni dola 10. Ni kampuni ileile. Kwa nini?” Dada mmoja wa Ntinda, Kampala.

Dada, ukibonyeza “lipa” ndani ya programu, hulipi kampuni ile. Programu inaliomba duka, Google Play au App Store, likuuzie. Ukurasa unaochomoza chini ya skrini ni wa duka, na kadi inayokatwa ni ile uliyoisajili kwenye akaunti yako huko. Duka likishapokea pesa hutoa risiti ya kidijitali, kampuni huihakiki, kisha masomo yanafunguka. Ndiyo maana taarifa ya benki huonyesha jina kama APPLE.COM/BILL.

Kwa kazi hiyo duka mara nyingi hukata asilimia 15 au 30, kutegemea ukubwa wa kampuni na aina ya malipo. Tuchukue 30: katika dola 13 duka linabaki na 3.90, kampuni inapata 9.10. Kwenye tovuti, mchakataji wa malipo ya kadi anayetoza asilimia 2.9 na senti 30 anachukua senti 59 katika dola 10, na kampuni inabaki na 9.41. Kwa hiyo hata kwa bei ya juu, kampuni inapata pungufu. Ukiagiza boda kwa programu, kato hili halipo, kwa sababu sheria hii ya maduka inahusu bidhaa za kidijitali tu.

Sisemi duka linakula bure. Namba ya kadi yako haifiki kwa kampuni usiyoijua, na usajili wote unaufuta mahali pamoja. Nimewahi kuhangaika wiki mbili kufuta usajili wa tovuti moja iliyoficha kitufe, huku kadi ikikatwa tena. Kwa programu ngeni, mwezi wa kwanza ningelipia dukani bila kusita.

Kinachoniudhi ni ukimya. Kwa miaka mingi Apple ilizikataza programu kumwambia mteja kwamba nje kuna bei nafuu. Aprili 2025 mahakama ya Marekani iliiamuru iruhusu viungo vya nje, lakini amri hiyo ni ya duka la Marekani. Aliye Kampala inambidi aitafute tovuti mwenyewe.

Kabla ya kuhama, fika hadi hatua ya mwisho ya malipo kwenye tovuti uone kama VAT ya asilimia 18 inaongezwa: 10 inaweza kuwa 11.80. Angalia pia makato ya benki yako ya kubadili shilingi kuwa dola.

Ukiamua kuhama, futa kwanza usajili wa dukani, kwenye orodha ya usajili ya akaunti yako. Kuondoa programu kwenye simu hakuufuti. Subiri mwezi uliolipia uishe, ndipo ulipie kwenye tovuti kwa barua pepe ileile. Vinginevyo utakatwa 13 na 10 mwezi mmoja.