Kitabu cha ajira: tafsiri au maelezo?

"Tumeajiri vijana wapya hapa Nala, Dodoma, na kitabu cha kanuni cha kampuni kimeletwa kwa Kiingereza. Tukitafsiri chote, au tukae nao tuwaeleze tu?"

Wanaotaka tafsiri wana hoja nzito. Maneno ya mdomo hupotea. Ofisa akisema "ovataimu mtalipwa vizuri," baada ya miezi sita kila mtu atakumbuka yake. Tena kitabu kikiandika kwamba mfanyakazi "atatakiwa" kubaki baada ya muda, mwenye nakala ya Kiswahili ataliona neno hilo na kuhoji, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za ziada ni kwa makubaliano, na zisizidi 50 katika wiki nne. Anayeeleza ni mtu wa kampuni, na hapo ni rahisi kupita haraka.

Ila tafsiri tupu nayo haitoshi. Chukua sentensi hii: "Saa za ziada zitalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi." Iko sawa kabisa, lakini mpe kijana anayepokea msingi 390,000 na posho ya nyumba 60,000. Yeye anaona jumla ya 450,000, na hiyo ndiyo atakayopigia hesabu. Sheria inahesabu msingi peke yake: gawa 390,000 kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45 za wiki, unapata kama 2,000 kwa saa. Ya ziada ni 3,000, na saa kumi ni 30,000. Kwa hesabu yake yeye anasubiri karibu 34,600. Siku ya mshahara atasema amedhulumiwa, na kitabu hakitamsaidia kuona tofauti ilikotoka. Mchoro wa hesabu moja ubaoni ungemaliza jambo hili kwa dakika tano.

Likizo ina mtego wa aina hiyo hiyo, mdogo zaidi: siku 28 za mwaka ni mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo ndani.

Kwenye nidhamu mimi naegemea maelezo zaidi. Nimeona watu wakikataa kusaini barua ya onyo kwa sababu wanaamini sahihi ni kukiri kosa. Meneja naye huona ni ukaidi, na kosa dogo la kuchelewa linageuka ugomvi. Chini ya barua andikeni: "Nimeipokea, kuipokea si kukubali kosa," na muacheni nafasi ya kuandika upande wake.

Kwa hiyo ningetafsiri kwanza sura hizi tatu, likizo, saa za ziada na nidhamu, kila moja na mfano wake wa hesabu au fomu, kisha ningewaeleza nikiwa na karatasi hizo mikononi mwao. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi asiyeelewa masharti yake ya maandishi kwa namna atakayoelewa. Ila mkiandika kwamba Kiingereza ndicho kitakachofuatwa nakala zikipishana, semeni hivyo wazi kabla hawajasaini.