"Panda gari" kwa msomaji wa Kiingereza

Katika filamu niliyopewa kuikagua hapa Kampala kabla ya kutumwa kwenye matamasha ya nje, kuna maneno mawili yaliyowagombanisha mwongozaji na mtafsiri wake karibu wiki nzima. Ni dakika ya 14, mwaka ni 1983. Wanajeshi wamezingira mtaa alfajiri, na afande mmoja anafoka: "Panda gari!" Kwenye sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, mtafsiri aliandika hivi:

```
00:14:07,200 --> 00:14:08,400
Get on the truck!
```

Kikazi hana kosa. Sabtaito kwa kawaida haizidi mistari miwili ya herufi 42, na watafsiri wengi hujiwekea kiasi cha herufi 17 kwa sekunde, nafasi na alama zikihesabiwa. Hapa zipo 17 kwa sekunde 1.2, kwa hiyo mtazamaji anasoma bila kukimbizwa, kisha anarudi kwenye uso wa afande. Maana nayo imefika: watu wanaamriwa wapande lori.

Lakini Mganda wa umri fulani hasikii amri tu hapo, anasikia jina. Panda gari ndivyo ilivyoitwa misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Obote alipokuwa madarakani mara ya pili. Watu walisombwa mitaani, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa kuchujwa, na wengine hawakurudi. Hata anayesimulia kwa Kiganda hulitaja kwa Kiswahili hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotoka mdomoni mwa mwenye bunduki. Na msichana tunayemfuata katika filamu hii ni mtoto wa kambi ya jeshi. Lugha hiyo hiyo ndiyo aliyobembelezewa nayo. Lori la Kiingereza halibebi yote hayo.

Mwongozaji akataka "Panda gari!" libaki peke yake kwenye skrini. Alisema mtazamaji atalisikia likifokwa na kulisoma papo hapo, kisha dakika ya 61, bibi anaposema "Wakati wa panda gari baba yenu alijificha kwenye mihogo," atalitambua. Hoja nzuri, nami nilikaribia kuikubali. Mtafsiri akacheka, akasema kwa msomaji wa Kiingereza panda ni yule dubu wa Uchina mweusi kwa mweupe. Kicheko chake kilinikera kidogo, ila alikuwa na haki: sekunde ile ni ya hofu, na ukimfanya mtu wa Toronto apepese macho kwa sababu ya dubu, umeipoteza. Wengine watadhani tu kwamba mstari haukutafsiriwa.

Kwenye vibanda vyetu vya video jambo hili lingekwisha mara moja. VJ, msimuliaji wa papo kwa papo, angeongea juu ya sauti ya filamu, akaeleza misako, labda akamtaja na mjomba wake. Sabtaito haina nafasi hiyo.

Tukajaribu kuweka vyote viwili: "Panda gari! Everyone on the truck!" Hizo ni herufi 34, zinahitaji sekunde 2, na picha inakatwa sekunde 1.5 tu baada ya afande kuanza kufoka. Ukiacha maandishi yavuke mkato, macho ya mtazamaji huyadhania mapya na kuanza kuyasoma tena. Ilibidi kupunguza:

```
00:14:07,200 --> 00:14:08,700
Panda gari! On the truck!
```

Herufi 25 ndani ya sekunde 1.5, chini kidogo ya 17 kwa sekunde. Jina limebaki, amri imeeleweka, na dubu hapati muda wa kujitokeza kwa kuwa lori linamfuata pale pale. Kwa bibi kuna sekunde 4, hapo tukaweza kuandika "During the panda gari round-ups" na mihogo yote ikaingia kwenye mstari wa pili.

Mimi naunga mkono toleo hili, ingawa lina gharama. Filamu hiyo hiyo ikionyeshwa Zanzibar kwenye tamasha la ZIFF, ukumbi utasikia Kiswahili na kusoma Kiingereza kwa pamoja, na kwao mstari huo unasema jambo moja mara mbili. Kwa hiyo nilishauri watunze faili mbili za sabtaito za SRT, moja kwa wasiojua Kiswahili na nyingine kwa wanaokijua, na picha yenyewe ibaki safi bila maandishi yaliyochomwa ndani yake. Tamasha likidai nakala yenye maandishi ya kuchomwa, wanatoa ile inayohusika.

Ambalo hatukukubaliana ni Kiganda. Majirani wanaongea Kiganda, afande anajibu kwa Kiswahili, na mgeni hatofautishi kwa sikio. Mwongozaji anataka Kiganda kiandikwe kwa herufi za mlazo. Mtafsiri anasema mlazo umezoeleka kwa sauti ya simu, redio au mtu asiyeonekana, na filamu hii ina redio katika karibu kila chumba.