Ripoti ikishindwa kusasishwa, nani aamshwe?

"Mbona tusitumiwe taarifa kila mara ripoti inaposhindwa kusasishwa, ili mwenye mali ajue anaangalia nini?"

Anayeuliza hivi ana sababu yake. Huenda amewahi kupakia lori kwa kufuata ripoti ya jana akidhani ni ya leo. Logi, yaani faili ambamo mfumo huandika kila kinachotokea, nayo haifunguliwi na mtu mpaka jambo liharibike, kwa hiyo fundi anayejitetea kwamba "imeandikwa kwenye logi" mara nyingi anasema tu kwamba hakuna aliyeona. Hoja hiyo naikubali yote.

Ninachokataa ni dhana kwamba anayetaka hitilafu nyingi ziishie kwenye logi anaficha uzembe. Tuchukue biashara ya viazi mviringo yenye ofisi Mwanjelwa na ghala Uyole, jijini Mbeya. Seva ya mauzo iko ofisini. Ripoti iko kwenye Power BI, huduma ya ripoti ya Microsoft, na data huifikia kupitia getiwei, yaani programu iliyowekwa kwenye kompyuta moja ya ofisi. Leseni ya Pro inaruhusu kupanga usasishaji mara 8 kwa siku, na wao wameupanga kila baada ya saa mbili, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku. Mwenye mali huifungua ripoti mara mbili: saa 2 asubuhi anapopanga ununuzi, na saa 10 jioni anapoamua lori la Dar es Salaam libebe magunia mangapi.

Intaneti ya ofisi ikikatika saa 4 asubuhi na kurudi saa 6, usasishaji wa saa 5 utashindwa na wa saa 7 utafaulu. Ripoti ya saa 10 jioni itakuwa na data ya saa 9. Hapo mwenye mali alihitaji kuambiwa nini? Hakuna uamuzi alioufanya kati ya saa 5 na saa 7 kwa kutegemea ripoti hiyo, wala hakuna kitu cha yeye kurekebisha. Msimu wa mvua, mtandao ukiwa unakwenda na kurudi, arifa za namna hii zitamfikia wiki nzima, na ataanza kuzifuta bila kuzisoma. Siku pasiwedi ya seva itakapokwisha muda, ujumbe wake utafutwa pamoja na mingine.

Hitilafu ile ya saa 5 inatoshelezwa na mstari mmoja wa logi, mradi mstari wenyewe uwe na maana:

```
11:04 stoo_uyole Failed DM_GWPipeline_Client_GatewayUnreachable mfululizo=1 mwisho_sawa=09:06
```

Vipengele viwili vya mwisho ndivyo vinavyoupa thamani. Jina la hitilafu linasema tu kwamba getiwei haikufikika. Hesabu ya mfululizo na saa ya mafanikio ya mwisho zinaonyesha kama tunaelekea pabaya. Logi isiyo na hivyo viwili ndiyo inayowapa hoja wale wanaotaka arifa kwa kila kitu, na kwa hilo siwalaumu.

Sasa tuseme intaneti haikurudi saa 6, imerudi saa 12 jioni. Usasishaji wa saa 5, saa 7, saa 9 na saa 11 wote umeshindwa. Power BI ina kanuni ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha: baada ya kushindwa mara 4 mfululizo, huizima ratiba yenyewe. Mtandao umerudi, getiwei inafanya kazi, lakini saa 1 usiku hakuna kinachojaribiwa, wala saa 3 usiku, wala kesho yake saa 1 asubuhi. Makarani wa Mwanjelwa waliendelea kuingiza mauzo kwenye seva mchana kutwa, maana ndani ya ofisi mtandao wa ndani haukuwa na tatizo. Saa 2 asubuhi mwenye mali anafungua ripoti inayong'aa kama kawaida, yenye data ya jana saa 3 asubuhi. Imepita karibu saa 23.

Tazama arifa za kila hitilafu zilifanya nini hapo. Zilikuja 4 mchana, kisha zikakoma. Kwa mtu aliyezoea kwamba kelele ni tatizo na kimya ni nafuu, kukoma kule kunasomeka kama kupona. Usasishaji usiojaribiwa haushindwi, na usioshindwa hauna arifa. Hapa ndipo ninapoona upande wa logi umeonewa, kwa kuwa mpango wa kuarifu kila hitilafu unanyamaza saa ileile ambapo hali imekuwa mbaya kuliko zote.

Kinachofaa kumwamsha mtu ni umri wa data ukilinganishwa na saa ya uamuzi. Kwa biashara hii, saa 9 ikishindwa, arifa iende mara moja hata kama ni hitilafu ya kwanza ya siku, maana ndiyo nafasi ya mwisho kabla ya saa 10. Mfululizo ukifika 3, arifa iende vilevile, kwa kuwa imebaki nafasi moja kabla ratiba haijazimwa. Kwenye mkasa wetu vyote viwili vinaangukia saa 9 alasiri. Fundi ana saa mbili za kuunganisha kompyuta ya getiwei kwenye simu na kusasisha kwa mkono kabla ya saa 11. Mwenye mali naye anapata ujumbe mmoja tu: data ni ya saa 3 asubuhi, piga simu ghalani kabla ya kupakia.

Kuna hitilafu ambazo hazistahili kusubiri hesabu yoyote. Pasiwedi iliyokwisha muda haiponi kwa kujaribu tena baada ya saa mbili, na huduma yenyewe inaweza kuizima ratiba kabla ya mara 4 ikitambua kwamba bila mtu kurekebisha mipangilio hakuna kitakachofaulu. Hali kadhalika karani akibadili jina la safu: ujumbe `The 'Bei' column does not exist in the rowset` utarudi uleule mpaka mtu aguse. Hizi ziarifiwe mara ya kwanza, lakini kwa fundi. Mwenye mali aguswe pale tu data itakapokuwa imechelewa kwa uamuzi wake. Barua pepe za Power BI huenda kwa anayemiliki seti ya data kwenye mfumo, ambaye mara nyingi ni aliyeichapisha, na asipokuwa kazini tena zinaangukia kisanduku kisicho na mtu. Sehemu ya kuongeza wapokeaji wengine ipo kwenye mipangilio ya usasishaji, na inafaa ijazwe siku ya kwanza.

Upande wa arifa za kila mara bado una hoja moja ambayo mpango wangu hauimalizi. Chombo kinachopima umri wa data nacho kinaweza kufa, na kikikaa kwenye kompyuta ileile ya getiwei, kitakosa mtandao siku ileile kinapohitajika. Kwa hiyo kikae nje ya ofisi, kiulize historia ya usasishaji na ratiba yenyewe kila baada ya nusu saa, na ratiba iliyozimwa kiihesabu kuwa arifa sawa na `Failed` ya tatu. Zaidi ya hayo, kisome tarehe ya muamala wa mwisho ndani ya data yenyewe. Ghala la Uyole lisipoleta hati za siku, usasishaji utaandika `Completed` mara zote 8, logi itakuwa safi, na lori litapakiwa kwa namba za juzi.