Maandishi ya "Activate Windows" kwenye kona: soma kwanza kabla hujabonyeza krak

Kuna kitu kinanikera sana, mtu anaona yale maandishi ya kijivu kona ya chini kulia, "Activate Windows", anaanza kuogopa, anadhani laptopu itazima au mafaili yatapotea, halafu anakimbilia kudaunlodi krak, yaani programu ya kuaktiveti Windows bila leseni, kwenye saiti asiyoijua.

Windows 10 na 11 isiyoaktivetiwa inafanya kazi. Intaneti ipo, programu zinaingia, apdeti za usalama za Windows 11 zinaendelea kuja, zile za kawaida za Windows 10 zilikoma Oktoba 2025 hata kwa mwenye leseni, na spidi haipungui, kwa hiyo kama mashine yako ni nzito tafuta sababu nyingine. Kinachofungwa ni Personalization ndani ya Settings, yaani wolpepa, rangi, themu, picha ya lock screen. Tena hata wolpepa ukiright-click picha yenyewe ukachagua "Set as desktop background" kwa kawaida inakubali. Haimaanishi ni halali kukaa hivyo, leseni bado huna, ila hakuna dharura ya kukufanya ukurupuke.

Tofauti ni pale maandishi yakisema "Evaluation copy" na "Windows License is expired". Hiyo ni Enterprise ya majaribio ya siku 90, zikiisha mashine inajizima yenyewe kila baada ya saa moja, na hapo kweli unaweza kupoteza kazi uliyokuwa hujaseva.

Sasa kesi ambayo naona ndo imejaa mtaani: laptopu imetoka kiwandani na Windows 10 au 11 Home, kii yake imehifadhiwa ndani ya BIOS, fundi akaipiga Windows upya kwa flashi akaweka Pro kwa sababu "Pro ni nzuri zaidi". Kii ya Home haiaktiveti Pro, basi maandishi yanatokea na mwenye laptopu anaambiwa alipie tena wakati leseni alishainunua pamoja na mashine! Fungua PowerShell uandike hii:

```
(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Ikileta herufi na namba 25, mashine ina kii yake. Ikileta mstari mtupu, hakuna kitu humo. Kisha andika `winver` uone umewekewa toleo gani. Kama ni Pro na laptopu ilikuja na Home, bakapu mafaili yako, mwambie fundi arudishe Home, ukiunga intaneti inajiaktiveti yenyewe bila kulipa hata shilingi.

Krak mimi siikubali kabisa, na sababu yangu kubwa ni ile hatua ya kwanza wanayokuambia, "zima antivairasi". Unampa mtu usiyemjua ruhusa ya administrator huku mlinzi umemtoa getini, kwenye mashine hiyohiyo unayofungulia imeili na akaunti ya benki, na yote hayo ili uweze kubadilisha rangi ya taskbar.